Tarehe ya Gauni la Drocella

Homa ilimwangusha fundi Hakorimana siku ya Alhamisi, sindano ikiwa bado kwenye kitambaa. Alitetemeka siku nne. Jumapili jioni jasho likamtoka mpaka mkeka ukalowa, na Jumatatu asubuhi akaamka akiomba uji, akaukemea kwamba una maji mengi. Binti yake Verdiane aliposikia lile kemeo alishukuru Mungu kimoyomoyo. Mgonjwa anayegombana na uji amerudi duniani.

Lakini kulikuwa na nguo za arusi. Gauni la satini nyeupe la Drocella, na koti na suruali ya kijivu ya Léopold, mchumba wake. Fundi alikuwa ameahidi kuzitoa Jumamosi tarehe tano Februari, ili arusi ifungwe kanisani tarehe kumi na mbili. Gauni lilikuwa limekatwa tu. Koti halijaguswa. Na pale Ngungu hakukuwa na fundi mwingine wa kushona satini. Yule wa karibu alikuwa Sake, na huyo watu walimwendea kwa kukosa la kufanya.

Fundi akamwambia Verdiane alete karatasi na kalamu. Verdiane alikuwa ameacha shule mwaka wa tatu, mama yake alipofariki, lakini mkono wake wa kuandika ulikuwa safi, na barua zote za baba yake aliziandika yeye. Kusema mbele ya watu ndiko kulikomshinda. Mteja akiingia, yeye hujificha nyuma ya mashini na kupiga pasi kitu ambacho tayari kimenyooka.

Barua ilikuwa ya kwenda kwa Mama Nyiramana wa Kirolirwe, mama wa bwana arusi, maana nguo za bibi arusi hununuliwa na upande wa mume. Fundi akasema maneno ya salamu, akasema habari ya ugonjwa, kisha akafikia siku.

"Andika tarehe kumi," alisema. "Alhamisi. Iko siku mbili mbele ya arusi, hawatasema kitu."

Verdiane akaishika kalamu bila kuandika. Ijumaa alikuwa amekwenda dispanseri kuchukua dawa, na mganga wa pale alimweleza kwamba homa ya baba yake ni kimputu, ile inayoletwa na papasi wa kwenye sakafu ya udongo. Inakwenda na kurudi. Mgonjwa hukaa mzima kama siku saba, akajisifu kwamba amepona, halafu inamrudia, siku mbili ao tatu, tena inamwacha. Mganga alimwambia ahesabu mwenyewe tangu siku jasho litakapomtoka, na Verdiane alikuwa amehesabu kwa vidole tangu jana jioni.

Alimwambia baba yake, kwa sauti ndogo, kwamba homa itarudi kati ya tarehe sita na tarehe tisa. Fundi akacheka. Akasema yule mganga hajui tofauti ya kimputu na mafua, na kwamba yeye ameshona miaka ishirini na hajawahi kupimiwa siku na homa.

"Andika kumi," akarudia, akalala chali na mkono juu ya macho, kwa sababu mwangaza wa mlango ulimuumiza.

Verdiane aliijua satini. Kitambaa cha pamba ukikosea unafumua, unashona tena, hakuna atakayejua. Satini haisahau. Kila tundu la sindano hubaki, na mshono uliopinda ukiufumua unabaki mstari wa vitundu mbele ya macho ya kanisa lote. Mkono unaotetemeka haufai kuigusa, wala mkono wake mwenyewe, ambao ulikuwa umezoea pindo na matundu ya vifungo tu. Baba yake akiharakisha kwa ajili ya tarehe kumi, ama ataharibu gauni, ama tarehe kumi itafika akiwa chini ya blanketi. Na baada ya hapo kuna nini? Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe ishirini na tatu. Kwaresima ikiingia, Padri hafungi arusi mpaka Pasaka ipite.

Akaandika. Aliandika polepole, kama mtu anayeiba.

*Ngungu, tarehe 31 Januari 1955.*

*Kwa Mama Nyiramana, Kirolirwe.*

*Mama, nakusalimia wewe na watu wote wa kwako. Mimi fundi Hakorimana nimeugua homa ya kimputu tangu Alhamisi. Kwa sababu hiyo nguo za arusi hazitatoka tarehe 5 kama nilivyoahidi. Gauni la Drocella limekatwa, halijashonwa. Koti la Léopold halijakatwa. Vitambaa vyote viko salama ndani ya sanduku. Homa hii inaweza kurudi mara moja tena, na siku zake nimezihesabu. Nguo zitakuwa tayari Jumatano tarehe 16 Februari, si mbele, si nyuma. Drocella aje tarehe 10 kujaribu gauni. Ninajua arusi ilikuwa tarehe 12. Ninaomba mumuulize Padri kama inaweza kuwa Jumamosi tarehe 19, mbele ya Majivu. Kosa ni la ugonjwa, lakini usumbufu ni wenu, na mnisamehe.*

Akampa baba yake kalamu. Fundi akafumbua jicho moja, akatia sahihi pale kidole cha binti yake kilipoonyesha, akafumba tena. Mchana ule Kabera, katekista aliyekuwa akizunguka vilima kufundisha, alipita akielekea Kirolirwe, na barua ikaingia katika mfuko wake pamoja na katekismo.

Siku tatu Verdiane hakula vizuri. Kila mbwa alipobweka alitazama njia. Baba yake alikaa kwenye mashini nusu siku tu, kwa sababu miguu ilimchoka haraka kwenye pedali, lakini koti na suruali alivikata, na furaha ikamrudia. Mara tatu Verdiane alifungua kinywa amwambie. Mara tatu alikifunga.

Alhamisi mvua ikiwa imekatika, Mama Nyiramana akatokea mwenyewe, matope mpaka magotini, barua imefungwa kwenye pembe ya kitenge. Alikuwa mama mrefu, wa maneno machache na macho mengi. Alisalimia, akakataa kiti, akaomba kwanza aone vitambaa. Verdiane akalifungua sanduku. Mama akaigusa satini kwa nyuma ya kidole, akaona vipande vimekunjwa na karatasi katikati, akaona koti limekatwa. Ndipo akakaa.

Akasema amekuja kwa sababu ya mtama. Mtama wa pombe ya arusi huloweshwa, ukaota, ukaanikwa, ukasagwa, ndipo upikwe. Ukiuanza siku mbaya, pombe inachacha kabla ya wageni ao inabaki tamu kama uji wa watoto. Kapu lilikuwa tayari kutiwa majini Jumanne, siku ambayo Kabera aliwasomea barua. Akalizuia.

"Sasa uniambie na kinywa chako, Papa," alisema. "Barua inasema tarehe kumi na sita. Njo tarehe yenyewe?"

Fundi Hakorimana akageuza shingo, akamtazama binti yake. Verdiane alikuwa ameshika pasi, na pasi ilikuwa baridi.

"Kumi na sita," fundi akarudia polepole, kama mtu anayeonja chakula asichokipika.

"Kama ingesema kumi, na mtu ametoka kwenye homa juzi, ningekuja na kapu la kubebea vitambaa vyangu," Mama Nyiramana akaendelea. "Mtoto wangu wa kwanza, fundi wa kule Sake alituambia kesho, kesho, mpaka kijana akaingia kanisani na koti ya shemeji yake. Mikono iliishia hapa." Akaonyesha karibu na kiwiko. "Mpaka leo wanamwita Mikono-ya-Shemeji. Anajibu. Amezoea."

Fundi akacheka bila kutaka, kicheko kikageuka kikohozi. Mama akasema kwamba Kabera amekwisha kumwona Padri. Matangazo yamesomwa Jumapili zote tatu, hakuna aliyepinga, na Jumamosi ya tarehe kumi na tisa kuna nafasi. Ni ya mwisho. Kilichobaki ni neno la fundi.

Verdiane akaiweka pasi chini. Angeweza kukataliwa pale pale, mbele ya mteja, na angestahili.

Fundi alifuta mdomo. "Iko kumi na sita, Mama," alisema. "Weka mtama yako mu maji siku unayojua."

Mama Nyiramana alipoondoka, Verdiane alipiga magoti asikie hukumu yake. Baba yake hakupiga kelele. Alisema tu kwamba siku nyingine akitaka kubadilisha maneno yake amwambie kabla hajatia sahihi, kwa maana jina lililo chini ni lake. Verdiane akaitika. Machozi yakamtoka hata hivyo, na baba akamwambia asilie karibu na satini.

Jumapili ikafika, tarehe sita. Homa haikuja. Fundi akaenda misa, akarudi, akala viazi viwili akaongeza cha tatu.

"Munganga wangu," akamwita binti yake, "homa yako iko wapi? Imepotea njia?"

Verdiane akakusanya sahani. Usiku mzima alijiuliza kama amesogeza arusi ya watu bure. Jumatatu saa sita, fundi akiwa anashona bega la koti, mashini ikanyamaza. Verdiane alipotazama, alimwona baba yake amezishika kingo za meza, meno yakigongana.

"Imeona njia," fundi alisema.

Hapo hofu ya Verdiane ikamtoka. Ni ajabu kufurahi kuona mzazi anatetemeka, na hakufurahi. Lakini alijua sasa wako wapi. Alimfunika, akampa dawa, akashona matundu ya vifungo vya suruali. Siku tatu. Alhamisi, tarehe kumi, jasho lilikuwa limekwisha kumtoka. Drocella alipofika kujaribu gauni, fundi alikaa kwenye kiti amejifunga blanketi, akaamuru kwa kidole: ingiza hapa, achia pale, pini isipite kwenye kifua, ipite kwenye mshono. Pini alizitia Verdiane. Drocella hakuthubutu kupumua, na Verdiane naye hivyohivyo, mpaka wakacheka wote wawili.

Tangu siku iliyofuata mkono wa fundi ulikuwa umetulia. Alishona satini asubuhi tu, mwanga ukiwa mzuri, kila mshono mara moja. Mchana ilikuwa zamu ya koti. Jumanne tarehe kumi na tano, jua likiwa bado juu ya vilima, Verdiane alimaliza pindo la mwisho, akakata uzi kwa meno. Hakukuwa na hata tundu moja la sindano lililokosa mahali pake.

Jumatano asubuhi Léopold mwenyewe alikuja na mjomba wake. Akalijaribu koti, akanyoosha mikono mbele. Mikono ya koti ikafika mahali mikono ya mtu inapofika. Mjomba akasema kwamba pombe ya Mama Nyiramana imeanza kunukia mpaka kwa majirani, na wazee wanapita pale kila siku kumuuliza Mama habari za afya yake. Gauni likafungwa katika shuka nyeupe, likabebwa kichwani, juu ya matope yote.

Verdiane aliwatazama mpaka wakapotea kwenye kona ya mikaratusi. Kisha akaingia ndani, akajilaza juu ya mkeka bila kuvua hata kitambaa cha kichwa, akalala. Watu wawili walikuja mchana ule kuulizia kaptula na blauzi. Fundi Hakorimana aliwapokea kwa sauti ya chini, akawaambia warudi kesho yake kupewa tarehe, kwa sababu anayezihesabu amelala.