Mjomba wa Karakana

Barua za mafunzo kwa vitendo pale hospitali naziandika mimi, na huwa naziandika vizuri, asikudanganye mtu. Ya binti mmoja wa chuo ilikuwa na kila kitu: atafanya kazi karakana ya vifaa tiba kwa miezi mitatu, atasafisha na kukagua mashine za kupimia presha na kusaidia matengenezo, atasimamiwa na Fundi Mkuu, atalipwa posho ya nauli na chakula kila mwisho wa mwezi, mahudhurio yakishathibitishwa. Cheti atakipata akihudhuria ipasavyo, kitabu chake cha kazi kikisainiwa kila wiki, akifaulu tathmini ya msimamizi na kukabidhi ripoti. Chini kabisa niliongeza kipengele ambacho hakuna anayekisoma: mwanafunzi hatasimamiwa wala kutathminiwa na ndugu yake.

Binti alifika na barua yake kwenye bahasha ya plastiki, akawa anasoma majukumu kabla ya kugusa kitu. Mafundi wakambatiza Bisibisi, maana haikumtoka mkononi. Damu yake na ya Fundi Mkuu zikapatana. Mzee yule hacheki ovyo, lakini nikipita karakana namsikia akimfundisha kukagua mpira unaovuja upepo, mara ya tatu, bila kukasirika. Mimi kwa mara ya tatu ningeshapandisha mashetani.

Miezi ikaisha. Chuo kilimtaka awasilishe cheti chetu ili aingie kwenye orodha ya wahitimu, la sivyo angesubiri mwaka mzima. Mama yake alikuwa keshamshonea nguo ya mahafali. Nikaandaa cheti, nikapeleka faili kwa Mkuu wa Mafunzo aweke saini.

Mkuu alikuwa mgeni, hajamaliza hata mwezi. Akaniita, ripoti imefunguliwa mezani. Kila ukurasa binti alikuwa ameandika: Mjomba alinionyesha, Mjomba alinisahihisha, nilipokosea Mjomba akaniambia nirudie. Na tathmini aliyopewa na huyo Mjomba ilikuwa ya juu kuliko ya mwanafunzi yeyote wa mwaka ule.

Mkuu akaniambia kwa upole kabisa kwamba hasaini. Tena akaninyooshea kipengele changu mwenyewe. Nilichomwa, nakiri. Nikamweleza kwamba Fundi Mkuu ni mjomba wa hospitali nzima, kuanzia wafagizi hadi daktari wa upasuaji, na jina lake halisi linajulikana kwenye karatasi ya mishahara tu. Akasema anaweza kuniamini mimi, ila mkaguzi wa chuo atasoma kilichoandikwa. Alitaka wote wawili waje, watamke na kusaini kwamba hawana undugu.

Binti alikuja macho yamemwiva. Akasema yeye aliandika vile alivyozoea kumwita, hakujua kama ni kosa. Akasaini mbio mbio. Fundi Mkuu akaingia akijifuta grisi, akasomewa lile tamko, akashika kalamu, kisha akaiweka chini. Mkuu akanitazama. Mimi nikasema moyoni, mzee, usituangushe saa hizi.

"Mkuu," akasema, "mjomba ni kaka wa mama, siyo?"

Mkuu akakubali.

"Mimi nilizaliwa peke yangu. Sina dada, sijawahi kuwa naye. Kwa hiyo hakuna mtu duniani ninayeweza kuwa mjomba wake." Akaishika tena kalamu. "Nitasaini. Nilikuwa nataka tu ijulikane kwamba hilo jina nimepewa hapa, na nalipenda."

Akasaini taratibu, kwa jina ambalo binti alilisoma kwa mshangao.

Mkuu akaambatanisha tamko kwenye faili, akaagiza kila palipoandikwa Mjomba paandikwe Msimamizi, na ripoti ikirudi cheti kitasainiwa. Binti alikaa kwenye kompyuta yangu akabadilisha ukurasa mmoja baada ya mwingine, midomo ameibana. Alipokabidhi ripoti mpya, Mkuu alisaini palepale, nami nikapiga muhuri kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Orodha ya wahitimu angeiwahi.

Fundi Mkuu alikuwa amesimama mlangoni kumpongeza. Binti akamshukuru, akasita, akamwita Msimamizi. Mzee akaitikia kwa kichwa.

Niliokota ile ripoti ya kwanza nikaisogeza kwenye kapu la karatasi za kuchanwa.

"Hiyo mnaitupa?" Fundi Mkuu akauliza.

Nikamwambia haina kazi tena.

Akaifuta mikono yake kwenye koti, yote miwili, mbele na nyuma, ndipo akainyoosha.

"Basi nipe mimi."