Mkindu wa Picha ya Babu

Picha ya babu ilinifikia kwa simu nikiwa kambini kwa watalii, nikiwapikia wazungu majina ya miti. Shangazi aliuliza babu kaegemea mti gani; nikaitazama kwa jicho moja. "Mkindu huo, shangazi," nikamjibu. "Babu kaegemea mkindu kama anadai kodi."

Shangazi Esta alihitaji jibu hilohilo. Shamba lake la kando ya mto, pale Natta, jirani yake Simioni alidai ni la baba yake yeye. Penye mikindu ya mto ndipo babu alipojenga. Picha ikionyesha mkindu, ingethibitisha babu alikuwa kwake, na kesi ingekwisha. Shamba hilo ndilo lililomlisha shangazi tangu alipoachika.

Siku ya baraza la kata nikaitwa kuthibitisha, maana mimi ndiye "bwana miti" wa ukoo. Nikawaamkia wazee shikamoo, nikachomeka shati. Mwenyekiti akanipa picha yenyewe, kubwa, nyeusi na nyeupe.

Utani ukanikauka.

Shina lilikuwa moja, nene, limejaa vigutu vya makuti yaliyokatwa, vimepangana kama magamba ya samaki. Mkindu wa mto huota kwa fungu, mashina membamba yakilala huku na huku.

"Mengine yalikatwa," shangazi alidakia.

"Huenda," nikasema. Nikaangalia makuti. Ya mkindu hujipinda na kulegea. Haya yalikuwa yamekakamaa, yamenyooka kama mikuki. Mikungu nayo ilining'inia mbali chini ya makuti, kwenye vikonyo virefu vinene. Ya mkindu ni mifupi, hujificha humohumo.

"Kijana, sema," Simioni akacheka. "Au mti umekuuma?"

"Ni mtende," nikasema.

Mtende Natta nzima ulikuwepo mmoja, ulipandwa na mapadre uani kwao misheni. Kila mzee pale aliujua kabla haujaanguka. Babu alipigwa picha akiwa mgeni kwa mapadre, si kwake.

Mwenyekiti akairudisha picha mezani, kifudifudi. Hapakuwa na ushahidi mwingine. Simioni akapewa shamba, na mahindi yakiwa yamebeba.

Njiani nilijaribu: "Shangazi, babu naye, kukosa mti wa kuegemea mpaka..."

"Nyamaza, Benedicto."

Alikuwa amebeba kapu lake la ukili. Akalishusha, akaushika mshono wa ukingoni.

"Hili nimelisuka kwa kitu gani?"

"Kwa makuti ya mkindu."

"Miaka mingapi nayakata?"

Nikautazama ule mshono.

"Ile picha niliitazama mara moja tu nikajua ni mtende. Ulipoandika mkindu nikasema, afadhali, mtoto ameelewa, ataninusuru. Kumbe hukuwa umeangalia."

Akalibeba kapu, akatangulia. Pale njia inapogawanyika, akashika ya mtoni kwa mazoea. Akasimama. Akarudi, akanipita bila kuniangalia, akashika ile nyingine.