Hatupokei Arbuni Kabla ya Kukupima

Nilikuwa nimeshatoka kwenda kupanda basi, begi begani, mpwa wangu fundi cherehani akibandika tangazo mlangoni mwa duka lake: "Wateja wetu, kuna akaunti feki zinazotumia jina la duka letu kuomba arbuni. Sisi hatupokei hata senti kabla ya kukupima hapa dukani."

Bibi harusi mtarajiwa aliyekuja kushonesha gauni akalisoma, simu mkononi.

"Lo! Nilikuwa nakaribia kuwatumia hela! Na wala hawakuniuliza kiuno."

"Wangekushonea pazia, dada!" mpwa wangu akasema, akichukua futi. "Ingia nikupime."

Tulicheka mpaka basi likaniacha.

Bibi harusi alivaa gauni lake. Akaunti ile iliripotiwa, ikafungwa. Mpwa wangu bado anashona. Mimi niliondoka kesho yake baada ya kuachwa na basi.