Watu Wasioapa

Jumatano asubuhi Mkongo mmoja alibisha mlangoni kwa Scola, mtaani Greyville, fomu mkononi.

"Dada, mimi ni Désiré. Doris wa saluni anasema unasoma habari za watu waliokataa kuapa. Polisi wanataka niape ndipo wagonge muhuri kwenye fomu hii, la sivyo sipati karatasi ya ukimbizi. Kanisa yetu haiapi."

Moyo wa Scola ulichangamka. Watu hao ndio aliokuwa akiandika tasnifu kuwahusu chuoni Westville: wafuasi wa Valdo wa Lyon, Wakristo wa Ulaya ya Zama za Kati waliohubiri Injili kwa lugha ya watu bila ruhusa ya askofu.

"Walitumiwa wahubiri wawarudishe kwenye Kanisa la Papa," alisema. "Majirani zao Wakathari, nao walioitwa wazushi, wahubiri waliposhindwa, Papa aliwatumia jeshi la msalaba. Baadaye wachunguzi wa Kanisa walimwambia mtu, 'Apa.' Akikataa, amejifichua kuwa mzushi, na huenda akachomwa moto."

"Eish! Basi mimi ningechomwa!"

"Hapa sheria inakuruhusu kuthibitisha kwamba maelezo yako ni kweli, bila kuapa. Ijumaa saa tatu nitakwenda nawe."

Alhamisi profesa wake alimwambia Scola kwamba angewasilisha sura ya tasnifu yake Ijumaa, saa tatu ileile. Akikosa, angoje muhula ujao. Scola aliomba abadilishiwe, akakataliwa.

Ijumaa alikuwa kituoni cha polisi na Désiré. Askari alisema, "Apa." Scola akamwonyesha mstari wa kuthibitisha kwenye fomu. Askari aliusoma, akamuuliza Désiré kama maelezo yake ni kweli.

"Ndiyo."

Muhuri ukagongwa. Saa ya ukutani ilionyesha tatu na nusu.

"Dada, Doris amenieleza kuhusu profesa. Mbona umekuja? Hukuniapia."

"Nilikuambia nitakuja," Scola alisema, akamkabidhi fomu yake yenye muhuri.