Nusu Iliyotolewa Mara Mbili

Mwalimu alifika dukani baada ya adhuhuri, Mwajabu ndiyo kwanza amekunja mkeka wa kuswalia. Alikuwa yule Madam Mackrine anayefundisha hesabu, msichana mwembamba asiyemzidi umri mtoto wa kwanza wa Mwajabu. Akampa shikamoo, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama binti wa nyumba hiyo, Samiha, yupo.

"Nimemtuma maji," Mwajabu akasema. "Hukumkuta njiani?"

Hakumkuta, na alionekana kufurahi kwamba hakumkuta. Mwajabu akamsogezea kigoda nyuma ya meza, ambako mtu wa barabarani hamwoni aliyeketi.

Habari yenyewe Rubwera nzima ilishaijua. Samiha na rafiki yake Agnetha, binti wa Mzee Gaudiosus wa Kaisho, walikuwa kwenye klabu ya hesabu ya kidato cha sita. Wakapewa jaribio la kuchagua watakaokwenda kushindana Bukoba. Swali moja, klabu nzima hakuna aliyelijibu kama wao: wote wawili waliandika nane, nane yenyewe ni kosa, na wote wawili walikaa dawati moja. Karatasi za kukokotolea zilikuwa zimechomwa na takataka jioni ileile, kama kawaida ya shule. Mwalimu wa taaluma, Mwalimu Polikarpi, akasema makosa ya namna hiyo hayazaliwi pacha. Wakarudishwa nyumbani mpaka wazazi waje, na ikithibitika wamenakiliana, hawatafanya mtihani wao wa mwisho wakiwa pale shuleni.

Mwajabu hakuwa amelia. Baba yake Samiha alipofariki alilia vya kutosha, na tangu hapo alijifunza kutazama kwanza. Alimtazama mtoto siku zote hizo. Mtoto aliyedanganya hukwepa macho. Huyu wake alikuwa anamkazia macho mama yake kama anayemdai kitu.

"Swali lilikuwaje?" akauliza sasa. "Niambie kama unavyomwambia mtu wa darasa la saba."

Madam Mackrine akamwuliza kama anaikumbuka KKS. Mwajabu akacheka kidogo. Kigawo kikubwa cha shirika, nani aliyechapwa kwa ajili yake akasahau? Basi, mwalimu akasema, swali lilikuwa hivi: kuanzia moja hadi sitini, namba ngapi, ukiziweka pamoja na sitini, KKS yao ni moja. Yaani hazishirikiani naye kigawo chochote ila moja.

Akachota maharage kwenye gunia, akapanga kumi na mawili juu ya meza. Tuanze na kumi na mbili, akasema, sitini ni nyingi. Kumi na mbili imejengwa kwa mbili na tatu. Toa zote zinazogawanyika kwa mbili, ni sita. Toa zinazogawanyika kwa tatu, ni nne. Kumi na mbili toa sita toa nne, zabaki mbili.

Mwajabu akatazama maharage. "Lakini ile ya sita umeitoa mara mbili. Na ile ya mwisho."

"Ndiyo, mama. Sita na kumi na mbili zilihesabiwa kwa mbili, zikahesabiwa tena kwa tatu. Kwa hiyo nazirudisha mara moja. Zabaki nne." Akazigusa: ya kwanza, ya tano, ya saba, ya kumi na moja.

Kwa sitini ni njia hiyohiyo, ila yeye ana mbili, tatu na tano. Unatoa thelathini, ishirini, na kumi na mbili. Unarudisha zilizotolewa mara mbili: kumi, sita, na nne. Halafu thelathini na sitini zenyewe, zinazogawanyika kwa zote tatu, zilitolewa mara tatu zikarudishwa mara tatu, kwa hiyo zimebaki ndani bila haki. Unazitoa hizo mbili. Jibu ni kumi na sita.

"Iko njia fupi," mwalimu akaendelea. "Unachukua sitini, unabakiza nusu yake kwa ajili ya mbili, theluthi mbili kwa ajili ya tatu, sehemu nne za tano kwa ajili ya tano. Thelathini, ishirini, kumi na sita. Samiha aliniambia alifanya hivyo. Lakini sitini ina mbili mara mbili ndani yake, mbili mara mbili mara tatu mara tano, naye akabakiza nusu mara mbili. Akapata nane."

"Na Agnetha?"

"Agnetha aligawa sitini kuwa sita mara kumi. Kwa sita zinabaki namba mbili, kwa kumi zinabaki nne. Akazidisha, nane. Njia hiyo inaruhusiwa tu kama vipande viwili havina kigawo cha pamoja. Sita na kumi wote wana mbili ndani." Akasukuma harage moja kwa kidole. "Mifano yangu yote ubaoni ilikuwa thelathini, arobaini na mbili, mia na tano. Namba zisizo na kigawo tasa kilichojirudia. Kwa hizo, njia zao zote mbili zinatoa jibu sahihi. Wamekosea kwa sababu yangu."

Mwalimu Polikarpi alikuwa ameyasikia maelezo hayo, akasema wasichana walikuwa na muda wa kupanga hadithi. Sasa amekubali wajaribiwe upya, kila mmoja peke yake, mbele ya wazazi. Namba itakuwa mia na themanini. Madam Mackrine aliichagua mwenyewe. Kwa sitini makosa mawili yalikutana kwenye nane. Kwa mia na themanini yanaachana: la Samiha litatoa kumi na sita, la Agnetha, akigawa kumi mara kumi na nane, litatoa ishirini na nne.

"Na jibu la kweli?"

"Arobaini na nane." Mwalimu akajifuta uso. "Mama, sikupaswa kuja hapa. Nimekuja kukuomba usimruhusu afungue daftari mpaka kesho. Akisahihishwa kabla, ushahidi umepotea. Kesho tunahitaji wakosee. Waombee wakosee."

Mwajabu akaanza kuyarudisha maharage guniani, moja moja. Kumwomba Mungu mtoto akosee, ulimi haukuwa tayari.

"Nitaomba kilicho kweli kionekane," akasema. "Zaidi ya hapo siwezi."

Samiha aliporudi na ndoo alikuta meza tupu na mama yake akibadili bei ya sukari kwenye kibao cha mlangoni. Mwajabu alifuta bei ya zamani kwa kitambaa. Samiha akashtuka kidogo. "Mama, usifute. Pitisha mstari mmoja tu, uandike pembeni. Kwa Madam Mackrine ukifuta unanyimwa maksi. Anasema kosa lako ni mali yako."

Kesho yake wazazi na walimu waliketi kwenye darasa la mwisho, lililoachwa wazi. Mzee Gaudiosus alikuwa amevaa koti la kanisani, viatu vimejaa vumbi jekundu la Kaisho. Alimsalimia Mwajabu, akamnong'oneza kwa adabu ya kwao, "Waitu, Mama Samiha, mimi kahawa yangu naipima kwa debe. Wakianza hayo mahesabu yao unishike mkono."

Agnetha aliingia kwanza. Akasomewa swali, akaandika upande wa kushoto wa ubao bila kusita: mia na themanini ni kumi mara kumi na nane. Kwa kumi akaorodhesha moja, tatu, saba, tisa. Kwa kumi na nane, moja, tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu, kumi na saba. Nne mara sita, ishirini na nne. Akaweka chaki, akatolewa kwa mlango wa nyuma. Mwalimu Polikarpi akaomba nguo ya kufunika, Mwajabu akampa kanga aliyoitia kwenye mkoba, ikatundikwa juu ya maandishi.

Madam Mackrine alikuwa amesimama dirishani. Hakumtazama mtu.

Samiha akaingia. Aliandika kama alivyotegemewa: mia na themanini, nusu, nusu, theluthi mbili, theluthi mbili, sehemu nne za tano. Chini yake, tisini, arobaini na tano, thelathini, ishirini, kumi na sita. Mwajabu akaachia pumzi. Imekwisha, akawaza, na mkono ukaanza kutafuta mkoba.

Lakini mtoto hakuweka chaki. Alisimama akiutazama mstari wake. Kisha pembeni kabisa akaandika namba nne, na chini yake moja, mbili, tatu, nne. Akazungushia moja na tatu. Akaandika nne, nusu, nusu, akapata moja. Akatazama zile mbili alizozungushia. Mwajabu alitamani kukohoa, kuangusha kitu, lolote. Hakufanya.

Samiha akapitisha mstari mmoja juu ya kazi yake yote ya kwanza. Akaandika upya: nusu, theluthi mbili, sehemu nne za tano. Tisini, sitini, arobaini na nane.

"Nusu ya kwanza inaondoa shufwa zote," akasema, kama anayeongea na ubao. "Zimebaki witiri tu. Nikitoa nusu tena nawafukuza ambao hawana kosa."

Mwalimu Polikarpi alivua miwani.

"Nani amekufundisha hilo?"

"Hakuna, sir."

"Siku ya jaribio hukulijua. Leo unalijua. Nyumbani kwenu nani anajua hesabu hizi?"

Mwajabu angeweza kutulia tu. Dirishani, Madam Mackrine alikuwa ameshika kingo kwa mikono miwili.

"Mimi," Mwajabu akasema, akasimama. "Jibu nililijua tangu jana. Niliambiwa. Samiha hakuwepo, nami sikumwambia, wala kwa neno wala kwa ishara. Wallahi."

"Uliambiwa na nani?"

"Na mimi," Madam Mackrine akasema.

Mwalimu Polikarpi akaenda ubaoni, akasoma ile kazi iliyopigwa mstari, polepole, kwa kidole. Akainua kanga, akasoma ya Agnetha. Akarudi tena kwenye mstari.

"Angekuwa ameambiwa," akasema mwishowe, "asingeanza na hii kumi na sita. Na mwenzake ana ishirini na nne. Hawa hawakunakiliana." Alilisema kwa uzito, kama mtu anayetua mzigo mahali asipopapenda. Akaagiza wasichana warudi darasani leo hii, ila wasikae tena dawati moja. Kisha akamwambia Madam Mackrine amfuate ofisini kwa mkuu wa shule, kwa habari ya jana.

Nje, Agnetha alikuwa amekaa kwenye ngazi. Samiha akakaa karibu naye. Mwajabu aliona mdomo wa mwanawe ukienda, kidole kikichora mavumbini, ishirini mara tisa, vipande visivyo na kigawo cha pamoja, na uso wa Agnetha ukielewa na kuumia kwa wakati mmoja.

"Ulijua tangu lini?" Agnetha akauliza.

"Pale pale."

Agnetha akatikisa kichwa. Haikuonekana kama ameamini, wala kama hajaamini. Akanyanyuka kwenda kuhamisha vitabu vyake.

Mzee Gaudiosus aliita bodaboda mbili, akasema Mungu amewaonekania, twende, mbuzi wake wamefungwa tangu alfajiri. Mwajabu alikunja kanga yake yenye vumbi la chaki, akaitia mkobani.

"Tangulia, mzee."

Akaenda kuketi kwenye benchi mbele ya ofisi, mahali ambapo mlango ukifunguliwa, wa kwanza kuonekana atakuwa yeye.