Pale Koo Linapoanza

Mama Wafula alikuwa amezika mume, amefukuzwa nyumba mbili, amekimbizwa na askari wa kanjo akiwa na karai la mandazi kichwani, lakini hakujua kwamba mtu mzima anaweza kuuchukia mpira. Alilijua hilo Kaloleni, katika kliniki ya masikio ya shirika fulani la ng'ambo, ndani ya chumba kilichobandikwa magodoro ukutani ili kelele za nje zisiingie.

Mipira ilikuwa miwili mezani, mmoja mwekundu, mmoja wa buluu. Mbele yake alikaa mjukuu wake Khalayi, msichana wa miaka saba, vifaa vya kusikia vimemkaa nyuma ya masikio. Kazi ilikuwa rahisi kuielezea. Spika ikisema "ba", gusa mwekundu. Ikisema "pa", gusa wa buluu.

"Ba," ikasema spika kwa sauti ya mwanamke wa Kizungu.

Khalayi akagusa wa buluu.

"Pa."

Wa buluu.

"Ba."

Wa buluu tena, na safari hii akamgeukia bibi yake akicheka, kama mtu aliyeshinda.

Ryan, kijana aliyesimamia mradi, alipangusa kioo cha tableti yake kwa kidole. "Shosho, pole. Vifaa havimsaidii. Mtoto hatofautishi sauti."

"Anasikia huyu. Nikimwita nikiwa nyuma ya pazia, anakuja."

"Kuja si kutofautisha, shosho."

Masharti aliyajua tangu siku ya kwanza. Mtoto akifaulu, anabaki na vifaa na shirika linamlipia shule ya mtaani. Akishindwa mpaka mwisho wa muhula, vifaa vinakwenda kwa mwingine aliye kwenye foleni, naye anatafutiwa nafasi katika shule ya bweni ya viziwi. Haikuwa shule mbaya. Ilikuwa mbali, basi. Na Mama Wafula alikuwa na mjukuu mmoja tu, aliyeachiwa na mama yake angali ananyonya.

Kwenye kona alikuwa ameketi Amondi, mtaalamu wa usemi, mwanamke mnene mwenye sauti ya pole, mzaliwa wa Makongeni. Hakuwa akimtazama mtoto. Alikuwa akimtazama bibi mdomoni.

"Mama, huyu baba yake yuko wapi siku hizi?"

"Papa yake anafanya kiparua huko Papa Toko," alijibu Mama Wafula. "Kiwanda cha sapuni."

Ryan, aliyesikia kila 'ba' ikigeuka 'pa', alichekea puani. Alikuwa mtoto wa mjini, na kicheko cha namna hiyo kinatoka chenyewe, kama chafya. Amondi hakucheka. Alikuwa amewacheka vya kutosha watoto wa Kibukusu alipokuwa msichana.

"Wanicheka nini wewe?" Mama Wafula alimgeukia Ryan. Kisha akamgeukia Amondi: "Na ninyi watu wa ziwani mnaosema 'sida' mkipatwa na shida, mnaonaje?"

"Mama, tumepatwa na sida kweli kweli," Amondi alisema, na hapo wakacheka wote wawili. "Njoo hapa. Weka mkono wako kwenye koo langu."

Mama Wafula aliweka. Ngozi ilikuwa na joto.

"Baba," alisema Amondi polepole, namna msomaji wa habari anavyosema. "Umesikia linavuma?"

"Kama nyuki ndani ya mtungi."

"Limeanza lini? Kabla midomo haijafunguka au baadaye?"

Mama Wafula alimwambia arudie. Akafumba macho. "Kabla. Midomo bado imeziba, nyuki wameshaanza."

"Sasa shika koo lako. Sema papa, kama ulivyokuwa ukimwita baba yako nyumbani."

"Papa." Akashangaa. "Wanangoja. Midomo ikifunguka tu, nao hao."

"Hapo hapo. Sasa sikiliza 'pa' ya yule Mzungu wa spika." Amondi alichana karatasi ya tishu, akaiinua mbele ya mdomo wake, akasema kwa namna ya Kizungu: "Pa!" Karatasi iliruka. "Midomo imefunguka, pumzi imetoka kwanza, ndipo koo likaanza. Limechelewa kidogo sana. Hata kupepesa jicho ni safari ndefu kuliko huko kuchelewa. Lakini sikio linaitambua tofauti hiyo."

"Na 'ba' yake?"

Amondi alimtazama Ryan kabla ya kujibu. "Hapo ndipo penye mtego. Mwingereza akianza neno kwa 'ba', mara nyingi koo lake halitangulii kama la msomaji wa habari. Linaanza midomo inapofunguka, au punde tu. Karibu pale pale linapoanzia la kwako ukisema papa. Khalayi amejifunza 'pa' kutoka kwako, si kutoka kwenye spika. Akisikia 'ba' ya Mzungu, anasikia 'pa' ya bibi yake. Akisikia 'pa' ya Mzungu, anasikia 'pa' yenye pumzi ya kifua. Zote ni za buluu. Mtoto hajakosea. Kila lugha imechora mpaka wake, na jaribio hili limetumia mpaka wa watu wengine."

"Hiyo ni 'ba' na 'pa' tu, madam," alisema Ryan. "Si neno la Kiingereza. Sauti haina kabila."

"Sauti ndiyo yenye kabila kabla ya jina."

Amondi hakuishia maneno. Alimpa Khalayi shanga na kikombe, akamwambia asijali mipira. Sauti zikiwa mbili za namna moja, asifanye kitu. Zikitofautiana, adondoshe shanga. Spika ikasema "ba, ba". Mtoto akatulia. Ikasema "ba, pa". Akakaza uso, akainamisha kichwa, shanga ikalia kikombeni. Alikosa mara moja moja, kama mtoto yeyote, lakini kikombe kilijaa. Kisha Amondi akamwambia aseme mbwa kwa Kibukusu, na Khalayi akasema "embwa", koo likivuma vizuri kabisa, maana kwa Wabukusu sauti hiyo huanza puani na koo halina haja ya kungoja.

"Umeona?" Mama Wafula alimwambia Ryan. "Anasikia."

"Nimeona. Nakubali." Na kweli alikubali, hilo ndilo lililomchoma Mama Wafula baadaye, kwamba kijana hakuwa mpumbavu wala mkatili. "Lakini shanga si jaribio letu. Wafadhili wanataka mipira. Watoto wa nchi zote wanapimwa na mipira hiyo. Mimi nikipeleka shanga, nitaulizwa nimetoa wapi."

Amondi aliinamisha uso. "Basi tutamfundisha mipira."

Wakamfundisha. Kila alasiri kliniki, na kila jioni nyumbani Makongeni, tishu ikining'inizwa kwenye uzi mbele ya mdomo wa Khalayi. Karatasi ikiruka, buluu. Karatasi ikitulia, nyekundu. Amondi alimwazima bibi kispika kidogo chenye sauti ya Mzungu. Mama Wafula naye alijifunza ili amsaidie. Alivuta pumzi, akakunja uso, akasema "pa" kwa nguvu zake zote, mate yakatangulia.

Triza, jirani wa chumba cha pili, alichungulia mlangoni. "Eh, Mama Wafula! Jiko limekataa kuwaka ama unapuliza shetani?"

"Nasoma Kizungu, toka hapo."

"Kizungu gani cha kutema mate? Hebu nikupigie picha."

"Piga yako ukikoroma, mtaa ucheke."

Walicheka mpaka Khalayi, asiyejua kilichochekesha, akacheka pia. Jioni zile zilikuwa nzuri. Mama Wafula hangekubali mtu amwambie vinginevyo.

Mtoto alishika mapema kuliko bibi. Mwanzo alikuwa akitazama karatasi. Baadaye akaacha kuitazama, akawa anaisikiliza ile pumzi yenyewe. Mwisho wa muhula ulipofika, mikono yake ilikwenda mwekundu, buluu, mwekundu, bila kusita. Ryan aliruka kutoka kitini. "Umetuweza, msupa! Shosho, shule hiyo!" Amondi alimkumbatia mtoto, kisha bibi, na macho yalimjaa machozi.

Ndipo Ryan akasoma masharti yaliyobaki. Mtoto atapimwa tena kila muhula. Na nyumbani asikie sauti safi tu, zilezile za mafunzo, ili asirudi nyuma.

"Safi ni ipi?" Mama Wafula aliuliza.

Ryan alikuna shingo. "Usinichukulie vibaya, shosho. Kibukusu kipunguzwe. Na Kiswahili cha... Redio ni sawa. Mwalimu ni sawa."

"Huo ni uongo wa zamani," Amondi alisema kwa ukali. "Mtoto hubeba lugha mbili, hubeba tatu. Mama, ongea naye. Usimsikilize huyu."

"Na akishindwa muhula ujao," aliuliza Mama Wafula, "wewe utamrudishia vifaa?"

Amondi alianza kuokota tishu zilizobaki mezani.

Jioni ile Mama Wafula alitaka kuona mwenyewe. Aliweka vifuniko viwili vya chupa mezani, kimoja chekundu, kimoja cha buluu. Akasema kwa sauti yake ya siku zote, ile aliyomlelea mtoto na aliyomzikia mume: "Pa."

Khalayi akagusa chekundu.

"Pa," alisema tena, sasa kwa uangalifu.

Chekundu. "Hapana karatasi, Kukhu," mtoto alimweleza bibi kwa upole, kama anavyoelezwa mtu wa kijijini. "Haijaruka. Unakosea." Akamwonyesha mwenyewe, mashavu yamejaa pumzi.

Mama Wafula alivipangusa vile vifuniko, akavirudisha dirishani. Hakuwa na hasira na mtoto. Alikaa akipiga hesabu ambayo hakuna wa kumsaidia. Kila neno lake lilikuwa mkono unaousukuma ule mpaka wa sauti urudi ulikokuwa, na nyuma ya mpaka huo kulikuwa na bweni. Amondi alisema haina neno. Lakini Amondi hakuwa na funguo. Funguo alikuwa nazo Ryan. Huenda mwenye elimu alisema kweli. Maskini hawezi kuweka rehani mjukuu kwa sababu ya kweli.

Akaanza kwa kupunguza. Kwanza hadithi za kabla ya kulala. Kisha maulizo ya jikoni. Kufikia wiki ya pili ya shule, alikuwa akiita kwa kugonga sufuria, na akimpa sahani bila neno. Triza alidhani wamekosana. Wafula, baba yake Khalayi, alipokuja Jumapili aliuliza kama mama anaumwa koo, naye akaitikia kwa kichwa.

Siku moja Khalayi alirudi kutoka shule, akavua sare, akala nusu ya ugali wake akimtazama bibi usoni. Kisha akachomoa kifaa cha sikio la kulia, akakigonga kwenye meza, akakipuliza, akakirudisha. Akafanya hivyo hivyo na cha kushoto. Akaenda mlangoni akasikiliza redio ya Triza. Akarudi, akavivua vyote viwili na kumwekea bibi mkononi.

"Vimeharibika," alisema. "Vinasikia redio. Vinasikia Triza. Wewe havikusikii."

Mama Wafula alivishika vile vifaa, vyepesi kama maganda ya njugu. Alivifuta kwa ncha ya leso. Akamrudishia mtoto masikioni, kimoja baada ya kingine, taratibu asimwumize. Kisha akasogeza sahani ya mboga karibu naye, akamwashiria ale.