Kipande cha Ukuta wa Kalehe

Papa Grégoire, bosi wa ofisi ya michoro ya nyumba, alitumia neno "citoyen", yaani raia, pale tu alipokasirika. Asubuhi hiyo lilisikika hadi barabarani.

"Citoyen Bulonza! Maman Emérence anajenga manyumba ngapi?"

"Moya, Papa."

"Na hizi ni nini?"

Mezani palikuwa na michoro mitatu ya nyumba ya wageni itakayojengwa Nyalukemba: mbele, sebule na ua. Bulonza ndiye aliyeipaka rangi, naye aliipenda yote mitatu. Ila ukuta wa mbele uliwaka njano, wa sebule ulikuwa umefifia, na wa ua umeshaingia kahawia. Kosa halikuwa mbali. Kwenye daftari alikuwa ameandika "njano ya ndizi mbivu", basi. Kisha kwa kila mchoro alikoroga rangi upya, na kila siku akawaza ndizi nyingine. Aliamini macho yake yanakumbuka kila kitu, na mtu wa namna hiyo hafundishiki mpaka aumbuke.

"Siku ya posho, Jumamosi, maman anarudi," alisema bosi. "Akikataa tena, unarudia Luberizi kupima mashamba ya mupunga."

Bulonza alishapima huko miezi minane, matope hadi magotini. Aliogopa kweli, wala hakuona haya kuogopa.

Basi akamwomba Maman Emérence kitu cha kushikika. Mama huyo, mfanyabiashara wa maharagwe, alitaka nyumba yake ifanane na ya marehemu mama yake kule Kalehe, ambayo ilikuwa ikibomoka. Alileta kipande cha plasta chenye rangi, kikubwa kama kiganja, kimefungwa kwenye kitambaa safi.

Safari hii Bulonza alifanya kazi kwa adabu. Alikiweka kipande juu ya karatasi nyeupe, karibu na dirisha, mbali na jua kali. Alipima kwa kijiko kimoja tu: nyeupe sita, njano ya udongo tatu, kahawia moja. Kila alipokoroga alipaka ukanda mdogo na kuungoja ukauke, maana rangi ile ikiwa mbichi inadanganya. Hiyo ya kwake ilikolea ikikauka. Ukanda ulipofanana na kipande, aliandika kipimo, akajaza chupa moja, na kwa chupa hiyo akapaka kuta zote tatu. Hata kivuli kilipata kipimo chake.

Siku ya posho, kipande kilipolazwa juu ya mchoro, kilipotea ndani ya rangi. Papa Grégoire akatabasamu.

Maman Emérence hakutabasamu. "Hapana. Ukuta wa mama haikukuwa nzito hivi."

"Lakini maman, kipande njo hiki!"

"Najua. Lakini ukuta haiko huu."

Bosi alivuta pumzi. Bulonza aliona neno "citoyen" likija. Akainamisha macho kwa aibu, na hapo akaona, kwenye karatasi nyeupe ambayo juu yake kipande kilikuwa kimelala siku tatu, duara la mafuta.

"Maman," aliuliza polepole, "hiki kipande ulikifanya nini?"

"Nilikipakala mafuta ya mawese kidogo," alisema mama kwa fahari. "Kilikuwa kikavu, kimepauka. Kitu cha mama yangu kiingie ku biro yenu ngozi kavu? Watu watasema nini?"

Papa Grégoire akageukia dirishani, mabega yakimtetemeka.

"Kulikuwa kipande kingine?" Bulonza aliuliza.

"Kiko mu kikapo. Kadogo. Hakistahili kuonekana na watu."

Kilikuwa kadogo kweli, kikavu, kimepauka, na kilikuwa cheupe kuliko kile cha mafuta kwa vijiko vitatu kamili. Bulonza alianza upya. Jumanne kipande kikavu kilipolazwa juu ya michoro yote mitatu, kila mara kilipotea, na Maman Emérence akakaa chini bila kuambiwa. "Mama," alisema, akalia kidogo. Bulonza naye macho yalimlowa.

Kwa kuwa rangi ya karatasi si rangi ya ukuta, alikwenda na kipande hadi kwa Venant, fundi rangi wa ujenzi, wakapima upya kwa ndoo na kupaka kibao mpaka kikafanana kikikauka. Yote akayaandika.

Siku kuta zilipokwisha kukauka, wageni wa kwanza wakiwa njiani, Bulonza alimkuta Maman Emérence sebuleni, amekunja mikono ya nguo. Venant alisimama mbele yake akimsomea karatasi kwa sauti: ndoo za nyeupe, makopo ya njano, kopo la kahawia.

"Na musitari wa mwisho," alisema Venant, "umepigiwa laini mbili: *Ukuta usipakwe mafuta, hata kwa heshima.*"

Maman Emérence alimtazama Bulonza kwa uchungu, kisha taratibu akaificha chupa ya mawese nyuma ya kanga yake.